Barua ya mwisho kabla ya hati

Ukaguzi wa hesabu za kampuni huwa na siku yake ya mwisho, na siku hiyo aghalabu haina mahesabu tena. Risiti zimeshapitiwa, benki imeshajibu barua ya kuthibitisha salio, stoo imeshahesabiwa, ubishi juu ya madeni mabaya umeshamalizika. Rasimu ya ripoti ipo mezani. Kinachobaki ni barua ya kurasa mbili au tatu ambayo mkaguzi anaiomba kutoka kwa kampuni, imechapwa kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni yenyewe, imeelekezwa kwake yeye mkaguzi, nayo inasubiri saini ya mkurugenzi mtendaji na ya mkuu wa fedha. Hii ndiyo barua ya tamko la menejimenti. Bila hiyo, mkaguzi hasaini hati.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba barua hiyo huandaliwa na mkaguzi mwenyewe. Ndiye anayepeleka maneno, kampuni inayanakili na kusaini. Mkurugenzi ambaye hajawahi kuelezwa huiona kama mtego: wiki sita watu hawa wamepekua mafaili yangu, sasa wananiletea karatasi niseme kwamba kila kitu ni sawa? Si kazi yao hiyo kuniambia?

Swali lake lina haki ya kujibiwa, na jibu lake liko katika mpaka wa kile ambacho ukaguzi unaweza kukifikia.

Mkaguzi ana nguvu kubwa juu ya kilichoandikwa. Ankara ikiwepo kwenye vitabu, ataitafuta karatasi yake, ataufuata mzigo hadi ghalani, atamwandikia muuzaji. Ila juu ya kisichoandikwa nguvu zake ni ndogo. Ikiwa kampuni imedhamini mkopo wa kampuni nyingine kwa barua iliyofungiwa kabatini kwa mwenyekiti, hakuna mstari wowote kwenye vitabu utakaomwongoza kufika kwenye kabati hilo. Ikiwa kuna kesi imeshafunguliwa na wakili hajatuma bili, vitabu viko kimya. Kujua kama orodha aliyopewa ni kamili, au kuna kilichoachwa nje, ni kazi ngumu kuliko zote alizo nazo.

Halafu kuna mambo ambayo hayapo hata kabatini, yapo kichwani mwa watu. Kampuni ina jengo: inakusudia kulitumia au kuliuza mwakani? Jibu hilo laweza kubadili namna jengo linavyoonyeshwa kwenye hesabu. Wamiliki wana nia ya kuendelea kuitia fedha kampuni inayopata hasara, au wameshachoka? Mkaguzi anaweza kusoma mihtasari ya vikao na kuangalia walichofanya miaka iliyopita, lakini nia yenyewe ni yao. Basi anawaomba waiseme, kwa maandishi, wakiwa wameweka majina yao.

Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 580 ndicho kinachotawala barua hii. Tanzania, kupitia Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ilianza kuvitumia viwango vya kimataifa mwaka 2004, kwa hiyo mkaguzi wa Kariakoo na wa London wanaomba barua ya aina moja. Ndani yake kuna nguzo mbili ambazo hazina mjadala. Ya kwanza, menejimenti inakiri kwamba imetimiza wajibu wake wa kuandaa hesabu hizi kwa mujibu wa kanuni za uhasibu zinazotumika. Ya pili, inakiri kwamba imempa mkaguzi taarifa zote zinazohusika na kumfungulia milango yote kama walivyokubaliana, na kwamba miamala yote imeingizwa vitabuni. Kukubaliana huko si kwa mdomo. Mwanzoni mwa kazi kampuni husaini barua ya makubaliano ya ukaguzi, na wajibu huo umeandikwa mle. Barua ya mwisho inauliza tu: mlisema mtafanya, je, mmefanya?

Juu ya nguzo hizo huongezwa vipengele vingine kulingana na viwango vingine na hali ya kampuni: kwamba menejimenti imeeleza udanganyifu wowote inaoujua au kuushuku, kwamba imetaja kesi zote na uvunjaji wa sheria unaojulikana, kwamba imewataja ndugu na kampuni zote zenye uhusiano na wakubwa, kwamba makosa madogo yaliyoachwa bila kurekebishwa ni madogo kweli hata yakijumlishwa. Orodha ya makosa hayo huambatanishwa, ili asije mtu akasema hakuyaona.

Tarehe ya barua nayo ina uzito wake. Isitangulie mno tarehe ya ripoti ya mkaguzi, na isije baada yake. Hesabu zinaweza kuwa za mwaka ulioishia 31 Desemba, lakini mkaguzi anayesaini 25 Aprili anawajibika kujua yaliyotokea hadi siku hiyo, kama ghala limeungua, mteja mkubwa amefilisika au shauri limefunguliwa mahakamani. Barua ya tarehe 10 Machi haisemi lolote kuhusu Aprili. Ndiyo maana mkurugenzi anayesafiri hutafutwa hadi uwanja wa ndege. Wakaguzi si wasumbufu kwa kupenda.

Sasa nitunge mfano, tuone mambo yanavyokwenda yakiharibika.

Tuseme kuna kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam, yenye malori ya kwenda Zambia na Kongo. Mkurugenzi mtendaji wa zamani ameondoka Februari, mpya ameingia Machi, na hesabu zinazokaguliwa ni za mwaka uliokwisha Desemba. Barua inaletwa. Mkurugenzi mpya anaisoma hadi mwisho, anaweka kalamu chini.

“Ndugu mkaguzi, mimi mwaka huo sikuwepo. Nitathibitishaje nisichokiona?”

Hoja hii ni ya kawaida sana, na ina sura ya uaminifu. Ila haimwondoi kwenye wajibu. Hesabu hizi ndiye anayezitoa leo, na anazitoa nzima, si kuanzia Machi. Kiwango chenyewe kimeliona jambo hili na kusema kwamba kutokuwepo kwake hakupunguzi wajibu wake kwa hesabu kwa ujumla wake. Kinachoruhusiwa ni maneno ya tahadhari: “kadiri tunavyojua na kuamini, baada ya kuuliza inavyostahili”. Mkaguzi anayakubali maneno hayo mradi anaridhika kwamba wanaosaini ndio wenye wajibu, na ndio wenye njia ya kujua.

Uzito umekaa kwenye “baada ya kuuliza”. Mkurugenzi wetu anaelewa, anamwita mhasibu mkuu, wanapitia barua kipengele kwa kipengele. Wanapofika kwenye ndugu na kampuni zenye uhusiano, mhasibu anasita. Dizeli. Kati ya shilingi bilioni 6 za mafuta yaliyonunuliwa mwaka ule, bilioni 1.4 zilinunuliwa kwa msambazaji mmoja ambaye mmiliki wake ni mtoto wa mwenyekiti wa bodi. Ofisini kila mtu alijua. Hakuna aliyemwambia mkaguzi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameulizwa kwa namna inayomlazimu kujibu.

Hapo barua imeshafanya kazi yake kubwa, kabla haijasainiwa. Kwa maoni yangu faida yake halisi iko hapo, kuliko kwenye karatasi inayokwenda kukaa kwenye faili. Mtu anaweza kukaa kimya mwaka mzima bila kujiona mwongo. Akitakiwa kuandika jina lake chini ya sentensi isemayo kwamba ametaja kila ndugu, ukimya ule unageuka uongo, naye analijua hilo.

Mkurugenzi anamweleza mkaguzi. Mkaguzi anaangalia kumbukumbu za usajili wa kampuni, anathibitisha umiliki, analinganisha bei ya lita na wasambazaji wengine, kisha anasema: kununua kwa mtoto wa mwenyekiti si dhambi kwenye uhasibu, lakini lazima kutajwe kwenye maelezo ya hesabu, pamoja na kiasi. Mwenyekiti anakataa. Benki inasoma hesabu hizo, na wanahisa wadogo wanazisoma. Anataka kipengele hicho kifutwe kwenye barua, mambo yaishe.

Hapa kuna tofauti ambayo hata baadhi ya wahasibu huichanganya. Kukataa kipengele kimoja ni jambo moja, kukataa nguzo ni jambo jingine.

Menejimenti ikikataa kipengele kimoja cha nyongeza, mkaguzi ana hatua tatu za kufuata. Kwanza azungumze nao ajue sababu, maana mara nyingine tatizo ni maneno tu, na kubadili sentensi kunatosha. Pili aipime upya imani yake kwa menejimenti, na hatua hii ndiyo nzito: kama wanaficha hili, yale maelezo ya mdomo waliyompa kuhusu madeni ya wateja na vipuri vilivyopungua stoo bado yana thamani gani? Huenda akarudi nyuma na kupima tena alichokwisha kupitisha. Tatu aamue athari kwenye hati. Katika mfano wetu ukweli wa dizeli ameshaujua kwa ushahidi mwingine, kwa hiyo tatizo si kutojua. Hesabu zina upungufu unaofahamika, na kampuni imekataa kuurekebisha. Ikiwa upungufu ni mkubwa lakini uko mahali pamoja, itatoka hati yenye shaka, na mkaguzi ataueleza upungufu huo ndani ya ripoti yake, jambo lile lile ambalo mwenyekiti alitaka lisionekane.

Mwenyekiti akisikia hivyo anaghadhibika na kuagiza kwamba barua yote isisainiwe. Sasa tumefika kwenye nguzo, na hapa mkaguzi hana uhuru wa kuchagua. Kiwango kinamwamuru atangaze kwamba hatoi maoni kuhusu hesabu hizo. Haijalishi kwamba benki ilithibitisha salio na stoo ilihesabiwa vizuri. Pengo hili halimhusu mdaiwa mmoja au ghala moja. Watu waliotengeneza hesabu wamekataa kusema kwamba wametimiza wajibu wao na kwamba wametoa taarifa zote, na baada ya hapo hakuna ukurasa hata mmoja ambao mkaguzi anaweza kuuegemea bila wasiwasi. Hukumu ni hiyo hiyo kama barua imesainiwa lakini mkaguzi ana shaka kubwa na uadilifu wa waliosaini kiasi kwamba tamko lao la nguzo haliaminiki. Saini ya mtu asiyeaminika huhesabiwa kama haipo.

Watu husema basi mfukuze, tafuta mkaguzi mwingine. Inawezekana kisheria, lakini haimfikishi mwenyekiti mbali. Maadili ya taaluma yanamtaka mkaguzi mpya amuulize wa zamani, kwa ruhusa ya kampuni, kama kuna sababu ya kumfanya asiipokee kazi. Kampuni ikikataa kutoa ruhusa, kukataa huko nako kunamwambia jambo. Akiipokea, mwisho wa kazi ataleta barua ya namna ile ile, yenye nguzo zile zile mbili. Wakati huo saa inakwenda. Mikataba mingi ya mikopo huitaka kampuni ipeleke hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na ripoti isiyo na maoni inaweza kuipa benki haki ya kuuliza maswali makali au kusitisha mkopo. Mamlaka ya Mapato nayo inangoja ritani ya mwisho wa mwaka ndani ya miezi sita.

Baada ya kuisifia barua hii, ni lazima nieleze isichoweza kufanya, kwa sababu wapo wakaguzi wavivu wanaoitumia kama mwavuli. Kiwango kimesema wazi kwamba tamko la menejimenti ni ushahidi wa lazima lakini halitoshi peke yake. Kama mkaguzi angeweza kuhesabu magunia na hakuhesabu, barua isemayo magunia yapo haimkingi.

Kesi ya Barings inaonyesha hilo vizuri. Barings ilikuwa benki kongwe ya London, ya tangu mwaka 1762. Katika tawi lake la biashara ya mikataba ya soko huko Singapore, kijana Nick Leeson aliachiwa kufanya biashara na wakati huo huo kusimamia ofisi ya nyuma inayoandika biashara hiyo. Tangu 1992 alizificha hasara kwenye akaunti namba 88888. Benki ilianguka Februari 1995 ikiwa na hasara ya pauni milioni 827, ikauzwa kwa ING ya Uholanzi kwa pauni moja. Hesabu za kampuni ya Singapore za 1992 na 1993 zilikaguliwa na Deloitte & Touche wa huko, nao walipewa barua za tamko zilizosainiwa na mkurugenzi wa fedha. Miongoni mwa mambo yaliyotamkwa ni kwamba hapakuwa na ukiukwaji wa taratibu wenye uzito kwenye hesabu.

Wafilisi wa Barings walipowashtaki wakaguzi London, wakaguzi walizitoa barua hizo kama ngao. Walidai kwamba aliyesaini alitamka asichokijua, bila kujali ukweli, na kwamba hilo ni sawa na udanganyifu ambao kampuni yenyewe inapaswa kuubeba. Mahakama Kuu haikukubali. Jaji aliona kwamba mkurugenzi yule aliamini kwa dhati alichosaini. Alikuwa hajui lolote la akaunti 88888. Imani ya dhati, hata ya mtu asiyeuliza vya kutosha, si udanganyifu. Ngao ikaanguka, na mwaka 2003 wakaguzi wakaonekana walizembea. Fidia hata hivyo ilikatwa ikawa sehemu ndogo ya kilichodaiwa, kwa kuwa uongozi wa Barings nao ulikuwa umezembea mno kwa kumwachia mtu mmoja kazi mbili zisizopaswa kukaa pamoja.

Tazama ilivyokuwa. Barua ilisainiwa, aliyesaini hakuwa mwongo, na bado haikuwa na maana, kwa sababu aliyejua hakuulizwa na aliyesaini hakuuliza. Leeson hakuwa na haja ya kumdanganya mkaguzi kwenye barua ile. Ilitosha kwamba bosi wake asaini bila kufungua milango ya chini. Kwa hiyo mkaguzi makini hatosheki na saini ya mkubwa. Huuliza: umepataje kujua haya? Nani amekuthibitishia? Katika kampuni zenye matawi, mkurugenzi mwenye busara huwataka mameneja wa matawi wamsainie yeye barua zao ndogo kabla hajasaini ile kubwa.

Anayesaini akijua kwamba anasema uongo yuko kwenye hatari ya namna nyingine kabisa. Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya mwaka 2006, kifungu cha 501, inamfanya mhalifu mtu anayempa mkaguzi maelezo ya kupotosha kwa makusudi au bila kujali, na kifungo chake hufika miaka miwili. Marekani ina kanuni yake inayowakataza wakurugenzi na maofisa wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa kumdanganya mkaguzi.

Mengi ya magomvi haya yangeepukika kwa jambo dogo: barua isiwe habari mpya siku ya mwisho. Mkurugenzi na aombe rasimu yake kazi inapoanza, wakati bado kuna wiki kadhaa za kuuliza, kisha ampe kila mkuu wa idara vipengele vinavyomhusu. Kesi zipitiwe na mwanasheria, stoo ipitiwe na mtu wa stoo, na orodha ya ndugu na kampuni zao ijazwe na kila mjumbe wa bodi kwa mkono wake. Kipengele asichoweza kukithibitisha akiseme mapema, kwa sababu mwezi Februari kinaweza kuchunguzwa, na tarehe 24 Aprili jioni hakiwezi.

Na wewe mwanahisa, mwanachama wa saccos au mfanyakazi unayeletewa ripoti ya mwaka, barua hii hutaiona, kwani haichapishwi pamoja na hesabu. Utakachoona ni ripoti ya mkaguzi. Ukikuta imeandikwa kwamba mkaguzi hatoi maoni, usiishie hapo. Isome aya ya msingi wa uamuzi huo, na ikisema menejimenti haikutoa tamko la maandishi, simama kwenye mkutano mkuu umuulize mwenyekiti kwa jina: ni kipengele gani mlichoshindwa kukisaini, na kwa nini?